Maneno Rahisi Ndiyo Yananikosesha Alama

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kilimo, naishi Morogoro, na ninajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa TOEFL ili niombe masomo ya uzamili Marekani. Katika majaribio ya sehemu ya kusoma, maneno magumu niliyokesha nikiyakariri ninayapata, lakini ninakosa maneno ninayoyajua tangu shule ya msingi. Nilikosa "company", nikakosa "bill", na juzi nikakosa "store". Katika insha nako nilisahihishwa "hotel" na "tuition". Rafiki yangu tunayejiandaa pamoja ananiambia kwamba nikiingia katika chumba cha mtihani nisahau Kiswahili kabisa. Je, hiyo ndiyo dawa? Na kama siyo, nisome nini?

Mtahiniwa, Morogoro

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuniandikia maneno yenyewe, kwa sababu yote matano yana mwenzake katika Kiswahili: kampuni, bili, stoo, hoteli na tuisheni. Maneno uliyokesha ukiyakariri hayana mwenzake huku kwetu, na kwa hiyo ulipokutana nayo ulilazimika kuisoma sentensi nzima na kukumbuka ulichojifunza. Haya matano uliyapita haraka, kwa kuwa jicho lilikwisha kukupa maana kabla hujafika mwisho wa mstari.

Ushauri wa rafiki yako siukubali. Mtu aliyekulia katika Kiswahili hawezi kuamua tu kwamba kwa saa mbili hatakikumbuka, na hata kama angeweza, angejinyima msaada mkubwa, maana maneno mengi ya kukopa hayana madhara yoyote. Penseli, kompyuta, kamera na baiskeli yana maana ileile pande zote mbili. Kazi iliyo mbele yako ni kujua, kwa yale machache yenye hatari, ni sehemu gani ya maana iliyovuka kuja Kiswahilini na ni sehemu gani iliyobaki Kiingerezani.

Neno hukopwa kwa kawaida pale ambapo kuna kitu kipya kinachohitaji jina. Taasisi ya kutunza fedha ilipokuja kwetu ilikuja na jina lake, tukapata benki. Ukingo wa mto tulikuwa nao, na jina lake tulikuwa nalo, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kulichukua la Waingereza. Lakini kwao wao ukingo wa mto na benki huandikwa kwa herufi zilezile, "bank", na mtahiniwa anayesoma makala kuhusu mmomonyoko wa udongo anaweza kujikuta akiifikiria fedha pembezoni mwa mto. Hali ni hiyohiyo kwa kesi, ambayo kwetu ni shauri la mahakamani, ilhali "case" katika makala ya kitaaluma huwa mara nyingi ni hali fulani, au mfano mmoja wa jambo, au mtu mmoja aliyepatikana na ugonjwa. Pati kwetu ni sherehe, na "party" inaweza kuwa chama cha siasa au mmoja wa waliotia saini mkataba. Faini ni adhabu ya fedha, na wewe uliyesomea kilimo utaliona neno "fine" likielezea udongo, na hapo maana yake ni kwamba chembe zake ni ndogondogo sana.

Mtunga mtihani hahitaji kuwajua Waswahili ili akutege. Anapotaka kupima kama msomaji anaelewa neno ndani ya makala, huchagua mara nyingi neno lenye maana zaidi ya moja, akachukua ile isiyo ya kawaida sana kuwa jibu, kisha akaweka ile ya kawaida miongoni mwa majibu yasiyo sahihi. Ile ya kawaida ndiyo, kwa sehemu kubwa, ambayo Kiswahili kilikopa. Mtahiniwa wa nchi nyingine anaivuta kwa sababu ndiyo aliyojifunza kwanza; wewe unaivuta kwa nguvu mara mbili, kwa sababu ndiyo uliyojifunza kwanza na ndiyo unayoitumia kila siku nyumbani.

Tuanze na "company". Chukua sentensi inayosema kwamba mzee mmoja alipofiwa na mkewe alifurahia "company" ya wajukuu wake wakati wa jioni, na majibu yaliyopo ni biashara, kuwa pamoja na watu, msaada wa fedha, na kundi la wafanyakazi. Ukiirudisha kampuni ndani ya sentensi unapata mzee aliyefurahia kampuni ya wajukuu wake, na jambo hilo linawezekana, kwani wajukuu wanaweza kuwa na kampuni. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu maana ya Kiswahili haileti upuuzi wa wazi. Angalia basi maneno yaliyo jirani. Kufiwa na jioni hayaendi na biashara. Yanaendana na upweke na kuondolewa upweke. Kisha angalia sarufi: "company" yenye maana ya kuwa pamoja na mtu haihesabiki, haiwekewi "a" mbele yake wala haina wingi, ilhali kampuni ya biashara huhesabika, moja, mbili, tatu. Ukikuta neno limetumiwa peke yake bila "a" wala "the", kwa mfano baada ya kitenzi "keep", hilo si shirika la biashara.

"Bill" linataka nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ni neno ambalo Kiswahili kilichukua sehemu yake moja tu. Kwetu bili ni hati ya kudai malipo, ya umeme, ya maji au ya hospitali. Kiingereza kinalitumia pia kwa muswada unaopelekwa bungeni kabla haujawa sheria, na kwa mdomo wa ndege, hasa ulio mrefu au mpana kama wa bata na korongo. Na Wamarekani, ambao mtihani wako unaandaliwa na taasisi yao ya ETS, hulitumia kwa noti ya fedha. Mwingereza aliyekula mgahawani hudai "bill" na kuilipa kwa "notes". Mmarekani hudai "check" na kuilipa kwa "bills". Sisi tunaolipa bili kwa noti tumefuata njia ya Waingereza, na hilo halishangazi, maana Tanganyika ilikuwa chini yao hadi mwaka 1961 na Kenya hadi 1963.

Sasa weka neno hilo katika makala ya baiolojia, ambayo ni ya kawaida sana katika mitihani ya namna hiyo. Sentensi inasema kwamba ndege fulani huchokoa wadudu waliojificha chini ya magome ya miti kwa "bill" yake nyembamba iliyopinda. Majibu ni gharama, mdomo, ukucha na pendekezo la sheria. Ndege hana bili ya kuchokolea wadudu, kwa hiyo gharama inaondoka yenyewe, na pendekezo la sheria linaondoka pamoja nayo, kwa kuwa sifa za wembamba na kupinda ni za kitu kinachoonekana na kushikika. Zinabaki mbili, mdomo na ukucha, na hapa ndipo swali lenyewe lilipo, kwani zote mbili ni viungo vya ndege na zote mbili zinaweza kupinda. Rudi kwenye umoja na wingi: neno limeandikwa kwa umoja, ndege ana mdomo mmoja na kucha nyingi, na mwandishi anayezungumzia kucha angeziandika kwa wingi. Jibu ni mdomo. Tazama kwamba hatukuhitaji kuijua maana hiyo kabla. Tulihitaji tu kutoliamini jibu la kwanza, kisha kuisoma sentensi kwa utulivu.

Katika "store" tatizo limekaa mahali pengine. Stoo yetu ni chumba cha kuhifadhia vitu, nomino, na tumeikopa ikiwa nomino tu. Kiswahili hukopa nomino kwa wingi na vitenzi kwa uchache, jambo ambalo ni la kawaida kwa lugha nyingi, na Kiingereza kwa upande wake hulitumia neno lilelile kama nomino na kama kitenzi bila kulibadilisha umbo. Makala inaposema kwamba mimea ya jangwani "store" maji katika mashina yake, neno hilo ni kitenzi, kuhifadhi, na kuitafuta stoo ndani yake ni kupoteza muda. Na linapokuwa nomino katika makala ya Kimarekani, uwezekano mkubwa ni kwamba linamaanisha duka. Kabla ya kuuliza neno lina maana gani, uliza linafanya kazi gani katika sentensi: kama mbele yake kuna mtenda na nyuma yake kuna kinachotendwa, ni kitenzi, na nomino yetu ya kukopa haihusiki.

Vitenzi vichache tulivyokopa navyo vimebanwa hivyohivyo. Kufeli kwetu ni kushindwa mtihani, lakini "fail" ikifuatwa na "to" na kitenzi kingine inamaanisha tu kwamba jambo halikufanyika: mvua "failed to" kunyesha, yaani haikunyesha, wala hakuna mtihani uliofanywa. Kuchaji ni kutia umeme katika simu au kutoza bei, na "charge" katika makala ya historia inaweza kuwa kushtaki, au askari kulivamia jeshi la adui kwa kasi.

"Hotel" na "tuition" ni kundi la pili, na ni sahihi kwamba yalikushika katika insha wala si katika kusoma. Haya hayakupunguza maana, yalihama. Hoteli katika mazungumzo yetu ni mahali pa kula, pengine na pa kulala pia, na mtu anaweza kusema anakula hotelini kila mchana bila kumiliki utajiri wowote. Kwa Kiingereza ukiandika kwamba kila mchana unakula katika "hotel", msomaji anakuona mtu wa gharama kubwa. Neno unalolitaka ni "restaurant". Tuisheni kwetu ni masomo ya ziada nje ya ratiba ya shule. Kwa Mmarekani "tuition" ni ada ya chuo, na ukiandika kwamba ulikwenda "tuition" kila jioni hatakuelewa. Masomo ya ziada yaite "tutoring" au "extra lessons". Neno hili lishike vizuri hata baada ya mtihani, kwa sababu utaliona katika fomu zako za maombi: "tuition waiver" ni msamaha wa ada, na mwombaji aliyedhani kwamba ni msamaha wa kuhudhuria masomo anaweza kuiacha wazi sehemu ambayo ingempunguzia gharama.

Wasomaji wetu wa Kenya wana la kwao, stima, ambalo kwao ni umeme. Lilitokana na meli ya mvuke, na mvuke ndio unaoitwa "steam" hadi leo. Hakuna umeme ndani yake. Kwa upande wa Tanzania niongeze bando na laini za simu, kwani "bundle" katika makala ni furushi au fungu la vitu vilivyofungwa pamoja, na "line" haina uhusiano na kadi ya simu isipokuwa katika mazungumzo yetu. Na neno safari lilifanya mwendo wa kinyume, lilitoka kwetu likaingia Kiingereza katika karne ya 19, na huko likabaki na maana ya ziara ya kwenda kuona au kuwinda wanyama pori. Ukiandika kwamba ulifanya "safari" kwenda Dodoma kuhudhuria semina, msomaji atawatafuta tembo.

Kuna mtego mmoja ambao wanafunzi hawaoni kuwa unatokana na tahajia. Sisi tunaandika kama tunavyotamka, na jicho letu husoma herufi za Kiingereza kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo mtu akiona "fail" husikia faili ndani ya kichwa chake, ilhali faili letu lilitoka katika "file", ambalo kwa maandishi halifanani nalo. Bodi nayo imetokana na maneno mawili tofauti: bodi ya wakurugenzi ni "board", na bodi la gari ni "body". Makala inayozungumzia "student body" haimaanishi bodi ya wanafunzi wala miili yao. Inamaanisha wanafunzi wote wa chuo kwa jumla. Hapo "body" ni mkusanyiko, kama ilivyo katika "body of water", ambayo ni ziwa, bahari au mkusanyiko mwingine wa maji.

Wapo pia wanaoogopa maneno yanayofanana kwa bahati tu, kama "pale", "lake", "mate" na "pole". Usitumie muda wako huko. Rangi iliyopauka, ziwa, mwenzi na nguzo ziko mbali mno na pale, lake, mate na pole zetu kiasi kwamba hakuna sentensi inayoweza kuzichanganya kwa mtu wa kiwango chako. Machache yaliyotoka Kireno yanahitaji uangalifu kidogo zaidi: pera letu ni "guava", wala si "pear", na bomba la maji halina mlipuko, kwa kuwa "bomb" kwetu ni bomu.

Kuhusu la kusoma, acha kwa muda orodha za maneno magumu na utengeneze daftari la maneno ya kukopa. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1981, ambayo huonyesha neno lililotoka Kiingereza kwa kifupisho cha Kng, na uchukue maneno matano kwa siku. Kwa kila neno andika kwanza maana ya Kiswahili kwa maneno yako mwenyewe, kisha lifungue neno la Kiingereza katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, uandike maana zile tu ambazo Kiswahili hakina, na kila moja uipe sentensi. Usitumie kamusi ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi itakupa benki mbele ya "bank" na kuishia hapo, na hiyo ndiyo maana uliyonayo tayari. Neno ambalo halina maana ya ziada, kama penseli, lipite bila kuliandika. Baada ya wiki chache utaona kwamba yenye hatari si mengi, na kwamba yanajirudia katika makala zote.

Jipime kwa namna hii: chukua majaribio uliyokwisha kuyafanya, utafute maswali yote ya msamiati uliyokosa, na uweke alama kwenye yale ambayo neno lake lina mwenzake wa Kiswahili. Kama ni sehemu kubwa ya makosa yako, endelea na daftari. Kama ni machache, basi tatizo lako kubwa liko katika maneno ya kitaaluma kama "yield", "sustain" na "subsequent", ambayo Kiswahili hakikuyakopa, na daftari hili halitakusaidia huko.

Katika chumba cha mtihani, jihadhari na kosa la kinyume. Watahiniwa waliokwisha kuonywa kuhusu maneno haya huanza kuikimbia maana ya kawaida hata inapokuwa sahihi, wakaona ukingo wa mto katika makala ya uchumi. Lirudishe neno la Kiswahili ndani ya sentensi na usome tena kwa sekunde chache. Likikubali kwa maana, kwa sarufi na kwa maneno ya jirani yote matatu, chagua na uendelee na swali linalofuata. Likikataa hata kwa moja, ndipo utafute maana nyingine.